Kikundi Chenu cha Kuongea Kinafundisha Watu Kunyamaza

Wacha niseme wazi, halafu mnitusi baadaye. Vikundi vingi vya mazoezi ya kuongea ambavyo nimekaa ndani yake hapa Nairobi havifundishi mtu kuongea. Vinamfundisha kunyamaza. Msee anaingia akitaka Kiswahili sanifu cha kusimama nacho mbele ya watu. Labda ana usaili wa redio, labda ameitwa kuwa mshereheshaji wa harusi. Baada ya wiki tatu anaongea sentensi fupi fupi kama mtu anayehojiwa na polisi. Lugha haijamshinda. Amegundua tu kwamba kila sentensi ndefu inamletea aibu, kwa hivyo ameziacha.

Shida iko kwa venye tunarekebishana, na hapo naona kambi mbili.

Kambi ya kwanza nawaita polisi wa ngeli. Unaanza, "Hiyo duka ilikuwa..." na kabla umalize, watu watatu wanapiga kelele: "Duka hilo lilikuwa!" Unasema "duka hilo lilikuwa", unajaribu kuendelea, lakini umeshasahau ulikuwa unaelekea wapi. Kufika dakika ya tatu umekatwa mara nane, kwa mambo nane tofauti. Hebu niambieni, ukishuka matatu jioni hiyo utakumbuka lipi kati ya hayo nane?

Na huko kurudia "duka hilo" baada ya kuambiwa, jameni, sio kujifunza. Umerudisha sauti ya mtu mwingine. Kichwa chako hakijatafuta kitu. Mwaka 1997 watafiti wawili, Roy Lyster na Leila Ranta, walichapisha uchunguzi wao wa madarasa ya watoto nchini Kanada waliokuwa wakisomeshwa kwa Kifaransa. Njia ambayo walimu waliitumia zaidi ilikuwa kurudia sentensi ya mtoto ikiwa imeshanyooshwa. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya mtoto ajirekebishe mara chache zaidi. Mwalimu alipotoa kidokezo na kumwachia mtoto atafute mwenyewe, mambo yalibadilika. Ni kweli kwamba walipima jibu la papo hapo, sio kile mtoto alibaki nacho mwezi uliofuata. Lakini kama njia fulani haimfanyi mtu afikirie hata kwa sekunde hiyo moja, sioni kwa nini sisi tumeifanya kuwa sheria ya kikundi.

Kambi ya pili ni wapiga makofi. Hawa ni watu wazuri, na ndio hatari zaidi. Ukimaliza kuongea wanasema, "Umejaribu sana, umeshinda ya wiki iliyopita." Imeshinda kwa nini? Wapi? Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyeandika. Unaenda nyumbani na furaha na makosa yako yote yakiwa mzima.

Msimamo wangu ni huu: zamu moja, kosa moja. Kosa hilo lichaguliwe baada ya msemaji kumaliza, litoke kwa maneno yake yaliyoandikwa jinsi alivyoyasema, na arekebishe mwenyewe halafu aongee tena. Ukiondoa hata kipande kimoja hapo, mmebaki na gumzo.

Chukua mfano huu. Kikundi ni cha watu wanne, kila mmoja ana dakika 15, kwa hivyo saa moja inatosha. Mmoja anaongea. Wa pili anafuata maana tu na kuuliza swali mwishoni. Wa tatu anaandika. Wa nne anashika saa. Dada mmoja anayejiandaa kwa usaili wa redio anaulizwa aeleze kazi yake ya kwanza, na anapewa dakika tatu bila kukatwa. Mwandishi anaambulia mistari hii:

"Kazi yenye nilifanya kwanza ni ya kuuza simu. Hiyo duka ilikuwa ndogo, lakini watu wenye walikuwa wanakuja ni wengi. Nilijifunza vitu mingi. Saa hii niko na chaneli yenye naitumia kuongelea vijana."

Polisi wa ngeli angeona sherehe hapo. Mwandishi mzuri anafanya kitu kingine kwanza: anamsomea dada sentensi zake polepole, bila kukunja uso, na kumuuliza, "Hapa ungebadilisha nini?" Akisikia "vitu mingi", dada anacheka na kusema "vitu vingi". Basi, hiyo aliijua, ulimi uliteleza tu. Haina haja ya somo. Akisikia "hiyo duka ilikuwa ndogo", anajaribu "duka hiyo ilikuwa ndogo". Amehamisha neno lakini ngeli imebaki ile ile, kwa hivyo hapo kuna kitu hajui. Na akisikia "kazi yenye nilifanya", haoni shida yoyote. Hicho ndicho kipimo. Mtu anayesikia kosa lake na kulinyoosha hahitaji mwalimu. Anayelisikia na kulipita ndiye unayepaswa kumsaidia.

Sasa kuna makosa mawili ya kweli, lipi lichaguliwe? Hesabu. La duka limetokea mara moja. La "yenye" limetokea mara tatu katika mistari minne, na lote linatengenezwa na kanuni moja. Chagua hilo. La duka liandikwe pembeni lisubiri wiki nyingine.

Halafu msimpe mhadhara. Mpe kidokezo kimoja: "Angalia neno linalofuata yenye au wenye. Ni jina au ni kitendo?" Kwa sababu "mwenye duka" ni sawa kabisa, na "watu wenye watoto" ni sawa pia. Likifuata jina, mtu anamiliki kitu au ana sifa fulani, na neno linakaa. Likifuata kitendo, Kiswahili sanifu kinataka kirejeshi: "kazi niliyofanya", "watu waliokuwa wakija". Na ulimi ukigoma, kuna daraja rahisi la amba-: "watu ambao walikuwa wakija", "chaneli ambayo naitumia". Hilo daraja sio la wavivu. Kuna mahali ndilo njia pekee, kwa mfano kwenye -me-. Unaweza kusema "aliyekuja", "anayekuja", "atakayekuja", lakini kwa -me- utasema "ambaye amekuja".

Dada anatengeneza zile sentensi tatu kwa mdomo wake, sio kwa mdomo wa mwandishi. Kisha anaanza hadithi yote upya, dakika tatu tena.

Hapa ndipo vikundi vingi hukata tamaa, kwa sababu mara ya pili huwa mbaya zaidi masikioni. Anaongea polepole, anasimama kabla ya kila "ambao", anarudi nyuma. Wapiga makofi wanaona amerudi nyuma. La hasha. Ametoa umakini kwenye mwendo na kuupeleka kwenye umbo, na mtu hawezi kubeba vyote viwili akiwa bado mgeni. Dawa yake ni kurudia tena kwa muda mfupi zaidi. Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji lugha kutoka Nyuzilandi, aliandika mwaka 1989 kuhusu zoezi la kusema jambo lile lile kwa dakika nne, kisha tatu, kisha mbili, kila mara kwa msikilizaji mpya. Huyo msikilizaji mpya ana maana. Ukimweleza mtu asiyeijua hadithi, una sababu ya kuieleza. Ukimrudia yule yule, unakariri tu. Kwa hivyo raundi ya tatu ya dada iwe dakika mbili, na ageukie yule aliyekuwa ameshika saa, ambaye alikuwa ametumwa akae kando raundi za kwanza.

Na msidanganyike na raundi hiyo. Akisema vizuri hadithi ya kuuza simu mara tatu, mnachojua ni kwamba amezoea hadithi ya kuuza simu. Mtihani ni wiki ijayo, mada mpya, tuseme safari ya kwenda ushago. Mwandishi anafungua daftari, anapiga mstari kila "yenye" inapokuja kabla ya kitendo na mwingine kila kirejeshi kinapotokea chenyewe. Zikiwa nne kwa sifuri, hajaishika, rudini hapo hapo. Zikiwa mbili kwa mbili, inaingia. Hapo unaweza kusema "umeshinda ya wiki iliyopita" na uwe na ushahidi.

Najua maswali yenu. La kwanza: "Kwa hivyo makosa mengine tunayaacha? Si yatazoeleka?" Makosa hayo yameshazoeleka tangu mkiwa watoto. Wiki moja zaidi haitayaongeza mizizi. Kitakachoyaondoa ni kuyachukua moja moja, sio kuyataja yote kwa mpigo na kuyaacha yote mzima. Kitu kimoja tu ndicho cha kukatiza mtu katikati ya maneno: mmeshindwa kuelewa anachosema. Hata hapo, uliza maana, "Ni nani alikuja, wewe au mteja?" Usiulize ngeli.

La pili ni zito zaidi: "Nani amekwambia ni kosa? Mbona wewe mwenyewe umeandika venye hapo juu?" Nimeandika, na nitaandika tena, kwa sababu hapa naongea na nyinyi. "Niko na" na "yenye nilifanya" ni lugha ya watu wazima wenye akili timamu, wanaelewana nayo kutoka Kayole hadi Kawangware. Inakuwa kosa la kikundi pale tu mmekubaliana mnafanyia mazoezi Kiswahili cha usaili wa redio. Ndiyo maana makubaliano hayo yaandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Bila hayo, kila mtu anarekebisha kwa Kiswahili cha kwao, na mwenye sauti kubwa ndiye anashinda. Mkibishana kuhusu ngeli, acheni kumwangalia yule aliyekulia Mombasa kama jaji. Fungueni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, mtafute duka, mtakuta imewekewa [li-/ya-] pembeni. Sekunde ishirini, kesi imeisha.

Njia hii ina mpaka wake. Ikiwa wote wanne hamjui kirejeshi, mwandishi hataona kosa, na hakuna daftari litakalowaokoa. Rekodini dakika hizo tatu kwa simu, na mara moja kwa mwezi mtafute mwalimu wa Kiswahili azisikize. Lakini muombeni jambo moja kabla hajaanza: achague kosa moja, awaulize, kisha asubiri jibu. Akishindwa kusubiri, mnaye polisi mwingine.