Nukta Iliyompunguza Mtu Urefu

Miezi kadhaa iliyopita aliingia kliniki mzee mmoja wa makamo, mrefu kiasi cha kulazimika kuinamisha kichwa alipopita chini ya pazia la mlangoni. Alikuja na karatasi ya rufaa iliyochapwa kwa kompyuta. Ilisema ana uzito wa kilo 70 na urefu wa sentimita 155.4, kwa hiyo uwiano wa uzito na urefu wake ni 29.0, apunguze uzito. Alikuwa amekwisha kuacha ugali wa usiku kwa wiki sita. Nilimtazama, nikaitazama karatasi, nikamwomba asimame ukutani.

“Daktari, mimi ni futi tano na inchi kumi tangu ujana wangu,” alisema, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Futi tano na inchi kumi ni sentimita 177.8. Hesabu yake haina utata: tangu makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1959 inchi moja ni sentimita 2.54 kamili, na futi moja ni inchi 12, yaani sentimita 30.48. Futi 5 zinatoa 152.4, inchi 10 zinatoa 25.4, jumla 177.8. Kwa urefu huo kilo 70 zinatoa uwiano wa 22.1, uzito wa mtu asiye na haja ya kuacha ugali wa mtu yeyote.

Kosa lilipita katika mikono mitatu, na kila mkono ulifanya jambo lililoonekana la busara. Muuguzi wa mapokezi alimwuliza mzee urefu wake akaandika kwa kalamu 5.10, kama wengi wetu tunavyotamka “futi tano nukta kumi”. Mwandishi wa takwimu akaichapa 5.10 katika lahajedwali, na lahajedwali, kwa kuwa huiona kuwa namba ya desimali, ikaifuta sifuri ya mwisho na kubakiza 5.1. Wa tatu, aliyetakiwa kuigeuza safu nzima iwe sentimita, akazidisha 5.1 kwa 30.48 na kupata 155.4. Hakuna aliyekosea hesabu. Waliposhindwa ni kutambua kwamba nukta ya muuguzi haikuwa nukta ya desimali bali kitenganishi tu kati ya futi na inchi.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba mara nyingi huwa dogo mno lisionekane. Mtu wa futi 5 na inchi 6 ana sentimita 167.6, ukiisoma 5.6 kama desimali unapata 170.7. Tofauti ni sentimita tatu, na hakuna atakayeshtuka. Lakini futi 5 na inchi 11 ni 180.3, ilhali 5.11 ikisomwa kama desimali ni 155.8. Kwa hiyo anayekagua kwa kutazama mistari michache ya juu huridhika na kuendelea, na wanaoumia ni wale warefu wa inchi kumi na kumi na moja waliofichwa katikati ya orodha.

Zipo dalili za kuitambua safu ya namna hii. Ukikuta 5.11 nyingi na hukuti hata moja ya 5.12 mpaka 5.99, basi tarakimu zilizo nyuma ya nukta ni inchi. Ukikuta 5.75, kuna mtu aliandika desimali, na pengine wote wawili wamo katika orodha moja. Ukikuta wanaume wengi wa 5.1 na hakuna hata mmoja wa 5.10, sifuri zimeliwa. Wapo pia wanaoandika 5-10, na hao lahajedwali huwageuza kuwa tarehe: 10 Mei au 5 Oktoba, kwa kutegemea mpangilio wa kompyuta.

Maandishi yenye alama kamili, kama 5'10", ni salama zaidi kwa sababu kistari kimoja humaanisha futi na viwili humaanisha inchi. Kama maandishi hayo yamo katika kisanduku C2, fomula hii huyatenganisha na kuleta sentimita:

```
=LEFT(C2,FIND("'",C2)-1)*30.48+SUBSTITUTE(MID(C2,FIND("'",C2)+1,9),"""","")*2.54
```

Sehemu ya kwanza huchukua kilicho kabla ya kistari kimoja na kukizidisha kwa 30.48, ya pili huchukua kilichobaki, huondoa vistari viwili, kisha huzidisha kwa 2.54. Vistari vilivyopinda, ambavyo simu nyingi huviweka zenyewe, vitaifanya ilete `#VALUE!`. Hali kadhalika kwa 5.10 isiyo na kistari. Naipendelea kwa sababu hiyo hasa. Fomula inayokataa humlazimisha mtu arudi kwenye faili. Inayokisia humpa namba nzuri ya uongo.

Jibu liandikwe kama namba tupu: 177.8, bila “sm” pembeni. Kipimo kikae katika kichwa cha safu. Ukichapa “177.8 sm” ndani ya kisanduku, lahajedwali huyaona kuwa maneno, na fomula ya wastani huyaruka kimyakimya. Kukadiria kufanyike mara moja, mwishoni, kwa desimali moja. Anayetaja urefu wake kwa inchi nzima hajatupa usahihi wa kuandika 170.18. Na maandishi ya asili yabaki katika safu ya jirani. Nimewasikia wenzangu wakisema huko ni kujaza takataka katika jedwali. Mimi naona kufuta maandishi ya asili ni kuvunja daraja ambalo tumekwisha kulivuka lakini wagonjwa wetu bado.

Atakayedhani hili ni suala la ugali tu aende chumba cha wagonjwa mahututi. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia hupewa hewa kwa kadiri ya uzito unaotabiriwa na urefu wake, si uzito wa mizani, kwa kuwa mapafu hayakui mtu anaponenepa. Kwa mwanamume tunachukua 50, tunaongeza 0.91 kwa kila sentimita inayozidi 152.4. Msomaji ameshaitambua 152.4: ni futi tano. Kanuni mama, ya Devine ya mwaka 1974, iliandikwa kwa inchi, kilo 2.3 kwa kila inchi juu ya futi tano, na sisi tumeivisha nguo ya sentimita. Kwa mzee wetu kanuni inatoa kilo 73.1, na kwa mililita 6 kwa kilo angepewa takriban mililita 439 kwa kila pumzi. Kwa urefu wa kwenye karatasi angepewa 316.

Kwa 5.1 na 5.5 zilizoachwa peke yake, bila karatasi ya awali, msimamo wangu ni kwamba zisigeuzwe kabisa. Kisanduku kibaki kitupu na mgonjwa apimwe, bila viatu, visigino vikigusa ukuta. Upimaji huo hauchukui hata dakika mbili.

Mzee alipimwa sentimita 177. Tuliirekebisha karatasi yake, na kituo kilichomleta kikaitazama upya orodha yake: kila mwenye 5.1 ambaye fomu yake ya kalamu haikupatikana aliitwa kupimwa tena siku ya kliniki. Mzee aliuliza kama sasa anaweza kula usiku. Nilimwambia aanze leo.