Riba ya chini na foleni ya Lusaka
Mwaka 2012, meneja wa mfuko wa pensheni wa Marekani aliyezoea kuhesabu faida ya asilimia 7 kwa mwaka alikuwa na shida. Benki Kuu ya nchi yake ilikuwa imeweka riba karibu na sifuri tangu Desemba 2008, na hatifungani ya serikali ya miaka 10 ilimlipa chini ya asilimia 2. Wastaafu walisubiri pesa zao vilevile, kwa hiyo ilibidi akazitafute mbali zaidi. Septemba ile Zambia ikaingia soko la kimataifa kwa mara ya kwanza, ikaomba dola milioni 750, na wawekezaji wakapanga foleni ya karibu dola bilioni 12. Ilikopa kwa riba ya takriban asilimia 5.6. Si kwamba Zambia ilikuwa imegeuka Uswisi: shaba ilikuwa ileile, na daraja lake la B+ lilikuwa ngazi nne chini ya kiwango kinachohesabiwa salama. Hapo ndipo pa kutazama, pengo la riba kati ya mkopaji imara na dhaifu linapopungua ilhali dhaifu hajaimarika. Kwa yaliyofuata, tumezoea kuilaumu Lusaka peke yake. Mimi namtazama pia yule meneja, ambaye wala hakujiona mcheza kamari, aliona anaziba pengo la hesabu. Zambia ilirudi sokoni 2014 na 2015, kila mara kwa riba kubwa zaidi, na Novemba 2020 ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5.