Kitanda ni cha Aliyeandikwa

Kila muhula unapofika katikati, ofisi za mabweni ya vyuo vikuu vyetu hujaa malalamiko ya namna moja. Huyu hapati usingizi kwa kuwa mwenzake hucheza muziki hadi saa nane za usiku. Yule amechoka kufukuzwa chumbani kila Ijumaa ili mwenzake ampokee mgeni wake. Mwingine amerudi kutoka maktabani akamkuta mtu asiyemjua amelala fofofo juu ya godoro lake. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, katika miaka niliyohudumu kama msimamizi wa bweni, niliona jambo moja likirudiwa mara kwa mara: anayepoteza kitanda mwishowe si mchokozi peke yake. Mara nyingi hufuatana na yule aliyemwonea.

Sababu yake si kwamba wasimamizi hawana huruma. Sababu ni kwamba aliyeonewa huhama kimya kimya. Huchukua blanketi na vitabu vyake, akaenda kujibanza kwa rafiki katika jengo jingine, akidhani kwamba ameepuka ugomvi. Kumbe ameliacha jina lake nyuma, nalo jina hilo ndilo linalojibu maswali siku ya ukaguzi.

Hebu tuchukue mfano, ambao nimeuunga kutokana na mashauri kadhaa ya namna hiyo. Vijana wawili wa mwaka wa pili wamepewa chumba kimoja. Mmoja analala karibu na dirisha, mwenzake karibu na mlango. Siku ya kufungua chuo wote wawili walilipa ada ya malazi, wakatia sahihi fomu ya kukubali kanuni za bweni, na wakapokea ufunguo, godoro, kiti na meza kwa orodha iliyoandikwa. Kwa sahihi hizo, kila mmoja alikubali kuwajibika kwa kitanda chake na kwa mambo yatendekayo chumbani.

Katika juma la tatu, kijana wa mlangoni alimleta rafiki yake aliyekosa nafasi. Wanafunzi wetu humwita mkaaji wa aina hiyo haramia. Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini huyu hakupewa jembe, alipewa nakala ya ufunguo. Kufikia juma la tano, koili ya kupikia ilikuwa imeingia chini ya kitanda, na umeme wake ukavutwa kutoka kwenye kishikio cha balbu. Kijana wa dirishani alimlalamikia mhudumu wa bweni kwa mdomo, wakiwa wamesimama ngazini. Mhudumu aliahidi kuwasemesha. Hakuna kilichoandikwa. Majuma mawili baadaye, kijana alihamia kwa rafiki yake na kulala sakafuni.

Katika juma la tisa, wakaguzi walifika saa kumi na moja alfajiri. Walimkuta haramia katika kitanda cha dirishani na koili mvunguni mwake. Waliandika majina ya wale waliopewa chumba. Asubuhi iyo hiyo, katika jengo la pili, walimkuta kijana wa dirishani akilala mahali asipoandikwa. Basi faili lake likawa na makosa mawili: kwamba ametoa kitanda chake kwa mtu asiyeruhusiwa, na kwamba yeye mwenyewe ni haramia katika chumba cha wengine. Barua ya onyo ilimfikia, akaitia mkobani bila kuijibu, kwa kuwa alijiona hana hatia. Orodha ya vyumba ya mwaka uliofuata ilipotoka, jina lake halikuwamo. Alipokuja kulalamika, kamati ilimtaka atoe ushahidi kwamba aliwahi kushtaki. Hakuwa nao.

Kwa mwanafunzi aliyetoka mbali, hasara hiyo si ndogo. Atalazimika kutafuta chumba cha kupanga huko Ngara, Juja au Kahawa Wendani, atoe kodi na amana kwa mara moja, anunue godoro, na alipe nauli au atembee usiku akitoka maktabani. Fedha alizozipangia muhula mzima huweza kumalizika kabla ya mtihani.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba kanuni hizi ni za kuwabana vijana tu. Sikubaliani nao. Chukua koili. Koili ya wati 1,000, kwa umeme wetu wa volti 240, huvuta takriban ampea 4. Nyaya za taa katika majengo mengi zimekingwa kwa fyuzi ya ampea 5 au 6, na nyaya hizo hulisha vyumba kadhaa. Vyumba viwili vikipika kwa pamoja, fyuzi hukatika na ukumbi mzima ukawa giza. Hapo ndipo atokeapo mjuaji mmoja akafunga kipande cha waya mahali pa fyuzi. Tangu saa hiyo, kitakachokatika si fyuzi tena, bali ni waya ulio ndani ya ukuta, nao hukatika kwa moto.

Orodha ya wakaaji nayo ina kazi yake. Mwezi wa Septemba 2024, moto ulipoteketeza bweni la shule ya Hillside Endarasha katika Kaunti ya Nyeri na kuwaua wavulana 21, wazazi waliteseka kwa muda mrefu kabla ya kujulikana ni nani aliyekuwa salama na ni nani asiyeonekana. Walimu wa shule za bweni wayatie hayo moyoni kila wanapowaruhusu wanafunzi kubadilishana vitanda bila kurekebisha daftari. Jina lililo mahali pasipo mtu, na mtu aliye mahali pasipo jina, ni hatari ile ile, iwe shuleni au chuoni.

Sasa, kijana wa dirishani angefanya nini? Kwanza, angezungumza na mwenzake mapema, katika juma lile la tatu, na kumtajia siku ambayo mgeni anapaswa kuwa ameondoka. Ugomvi mwingi wa chumbani huanza kwa haya: mmoja anaona aibu kusema, na mwenzake anaichukua aibu hiyo kuwa ni ridhaa.

Siku hiyo ikipita bila mabadiliko, angemwandikia msimamizi barua fupi. Barua hiyo haihitaji matusi wala maelezo ya tabia ya mwenzake. Inahitaji namba ya chumba, tarehe, jambo lililotokea na ombi lake. "Tangu tarehe 14 mtu asiyeandikwa hulala chumbani mwetu, naomba hatua zichukuliwe au nihamishwe" ni maneno ya kutosha. Muhimu zaidi, angebaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ndiyo ingemtenganisha na mwenzake siku ya ukaguzi. Najua kwamba wengi huogopa kuitwa wasaliti. Lakini anayenyamaza hujikuta akibeba kosa la mtu ambaye hata hatamshukuru.

Kisha, angengoja kibali kabla ya kuhama. Uhamisho wa chumba una hatua zake: fomu hujazwa, msimamizi hutia sahihi, chumba cha zamani hukaguliwa kwa orodha ile ile ya siku ya kwanza, ufunguo hurudishwa, na ufunguo mpya huchukuliwa kwa sahihi mpya. Hata wanafunzi wawili wanaotaka kubadilishana vyumba kwa hiari yao wanapaswa kupitia njia hiyo. Wakibadilishana kwa maneno matupu, meza ikivunjika katika chumba kimoja atadaiwa yule ambaye hakai humo.

Pana jambo moja lisilongoja fomu. Mwanafunzi akipigwa, akitishiwa kwa silaha au akiguswa kwa nguvu, asikae chumbani humo hata usiku mmoja. Aondoke, aende moja kwa moja kwa walinzi wa chuo, ahakikishe kwamba taarifa yake imeandikwa katika kitabu cha matukio, na asubuhi aiandikie ofisi ya bweni akieleza mahali alipolala na sababu yake. Hapo kuondoka kwake kutakuwa na maandishi ya kukutetea, wala hakutakuwa utoro.

Na barua ya onyo ikifika, ijibiwe katika muda uliotajwa, hata kama aliyeandikiwa hana kosa. Hasa ikiwa hana kosa. Katika faili, barua isiyojibiwa husomeka kama kosa lililokubaliwa.

Nikiisha kusema hayo kwa wanafunzi, nina neno kwa wasimamizi wenzangu. Ni jambo la kusikitisha kwamba baadhi ya ofisi huwaadhibu wakaaji wote wa chumba kwa mkupuo, eti kwa kuwa ni vigumu kumjua mwenye koili. Kuwahoji wote ni sawa. Kuwanyang'anya wote vitanda bila kumsikiliza kila mmoja si sawa. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu ulio wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoathiriwa. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kwa ajili ya kifungu hicho inataka mtu ajulishwe mapema analoshtakiwa, apewe nafasi ya kujieleza, na aelezwe njia ya kukata rufaa. Mwanafunzi naye ajue kwamba sheria hiyo humtaka kwanza amalize njia za rufaa zilizomo chuoni kabla ya kukimbilia mahakamani.

Tena, haitoshi kumwambia kijana aandike barua iwapo barua hiyo itakaa mezani hadi muhula uishe. Kijana wa dirishani alihama kwa sababu aliona hasikilizwi. Laiti mhudumu yule pale ngazini angekuwa na daftari na kalamu, shauri lote lingekwisha katika juma la tano.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. Kila bweni liwe na daftari la malalamiko na uhamisho, lenye tarehe ya kupokea na tarehe ya kujibu, na jibu litolewe katika muda wa siku saba. Pili, ofisi isigawe vitanda vyote siku ya kwanza. Ibakize vyumba viwili au vitatu hadi juma la sita, ili anayehitaji kutenganishwa na mwenzake apate pa kwenda. Najua kwamba ni vigumu kuviacha vyumba hivyo wazi ilhali foleni ya wasio na nafasi imefika langoni. Lakini tusipofanya hivyo, tutaendelea kuwahamisha vijana wetu sakafuni kwa marafiki zao, kisha tuwaandikie barua za onyo kwa kulala huko.