Mto ukihama, gunia la mpunga ni la nchi gani?

Wanaovuka Kasumulu kwenda Karonga wanaujua mto Songwe pale darajani tu, mahali ambapo umetulia. Ukitaka kuujua vizuri, shuka upande wa kusini-mashariki kuelekea Ziwa Nyasa, kwenye tambarare ya Kyela kwa upande wa Tanzania na Karonga kwa upande wa Malawi. Huko mto hauna kitanda cha mawe. Unapita kwenye udongo laini ulioletwa na maji yenyewe kutoka milima ya Ileje na Chitipa, na kila masika unajikunja, unakula ukingo huu na kujaza ule. Wakazi wa huko wamezoea kusema kwamba mtu anaweza kulala Mtanzania akaamka Mmalawi. Wanacheka wanaposema hivyo, lakini kwa anayefanya biashara ya mazao hilo si la kuchekesha.

Mpaka huu haukuchorwa na Wanyakyusa wala Wangonde, ambao wanaelewana lugha ng'ambo hii na ile. Ulichorwa Julai 1, 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana Afrika Mashariki kwa mkataba ule ule ulioiweka Zanzibar chini ya Uingereza. Mkataba uliushusha mstari hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Songwe, kisha ukaupandisha kwa kuufuata mto. Wapimaji wa pande zote mbili walikuja 1898, na makubaliano ya kina yakafuata 1901. Kazi ya nguzo ilikuwa ya sehemu za nchi kavu. Kwenye mto, desturi ya enzi ile ilikuwa kwamba mto wenyewe ni nguzo, na nguzo hiyo haing'olewi na mtu.

Hawakukosea kwamba mtu hawezi kuung'oa mto. Kosa lao ni kudhani kwamba mto hauwezi kujing'oa wenyewe.

Mto wa tambarare huhama kwa njia mbili, na sheria ya mipaka inazitofautisha. Njia ya kwanza ni ya polepole: ukingo wa nje wa kona unamong'onyoka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na ukingo wa ndani unajazwa mchanga. Hapo kanuni inayokubalika duniani, mkataba ukiwa kimya, ni kwamba mpaka unaufuata mto. Aliyepoteza hatua tano za shamba amepoteza, na nchi yake imepoteza pamoja naye. Njia ya pili ni ya ghafla. Kona inajikunja hadi shingo yake inakuwa nyembamba, kisha usiku mmoja wa mafuriko maji yanaikata shingo na kupita moja kwa moja. Hapo kanuni inageuka: mpaka haumfuati mtoro. Unabaki kwenye mkondo wa zamani, hata kama mkondo huo umekauka na kuota matete.

Chukua mfano wa mama mwenye shamba la mpunga ndani ya kona ya mto, upande wa Kyela. Aprili maji yanakata shingo. Asubuhi shamba lake liko pale pale na mpunga umesimama, ila Songwe sasa unapita kati ya shamba na nyumba yake. Kusini mwa shamba limebaki dimbwi refu lililopinda kama mundu, ndilo lililokuwa mto jana. Kwa kanuni, shamba bado ni Tanzania. Ni kipande cha Tanzania kilichozungukwa na Malawi pande tatu na maji upande wa nne, kinachofikiwa kwa mtumbwi tu. Si kisiwa cha nchi kamili katikati ya nchi nyingine, lakini maisha yake ni yale yale.

Sasa anavuna. Gunia linavushwa kwa mtumbwi kwenda nyumbani. Ofisa akiliona ukingoni, anaona gunia lililotoka ng'ambo. Mchele ni bidhaa nyeti katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na unaotoka nje hutozwa asilimia 75 au zaidi. Malawi haimo katika Jumuiya. Nchi zote mbili zimo SADC, kwa hiyo mazao yanaweza kupata nafuu, lakini nafuu hiyo inadai cheti cha uasili, na cheti cha uasili kinauliza swali moja: limelimwa wapi? Cheti rahisi cha Jumuiya kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ambacho wengi wetu tunakitumia Namanga na Mutukula, hakimsaidii huyu mama. Akisema amelima Malawi, anajinyang'anya shamba kwa mdomo wake. Akisema amelima Tanzania, ataulizwa kwa nini gunia limekuja kwa mtumbwi.

Wakati wa amani ofisa mwenye busara humwacha apite, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Ila busara ya ofisa ina msimu wake. Mwaka 2025 Malawi ilizuia baadhi ya mazao kuingia, mchele ukiwamo, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, kabla ya mazungumzo kuliondoa zuio hilo. Katika siku kama hizo, swali la shamba liko upande gani wa mto ndilo linaloamua kama mzigo unauzwa au unaozea ukingoni.

Serikali zote mbili zinalijua tatizo. Mpango wa bonde la Songwe ulianza na wazo la kuutuliza mto usihame, na baadaye ukakua kuwa mpango wa bonde zima, wenye mabwawa matatu ya kupunguza kasi ya mafuriko, kuzalisha umeme na kumwagilia. Mabwawa yana maana, kwa sababu mto unahama hasa maji yanapokuja kwa mkupuo. Lakini tusijidanganye kuhusu kuunyoosha mto au kujenga kingo. Mto ulionyooshwa hukimbia zaidi, na kasi ile huenda kula ukingo mahali pengine. Ukijenga tuta upande mmoja pekee, maji yanasukumwa kwa jirani, na jirani huyo ni nchi nyingine. Tena bwawa hukamata udongo, na maji yaliyopungukiwa udongo hula kingo chini ya bwawa. Mhandisi mzuri atakuambia kwamba anaweza kuufanya mto uhame kidogo. Hatakuahidi kwamba hautahama.

Kwa hiyo mimi naona tunaanzia mahali pasipo sahihi. Badala ya kuulazimisha mto ukae kwenye mpaka, tukubaliane nini kinafuata ukihama. Marekani na Meksiko waliteswa na jambo hili hili kwenye mto wa Rio Grande, unaokata kona na kuacha vipande vya nchi upande usio wake. Mwaka 1905 waliweka kanuni ya kudumu: kipande kilichokatwa, kikiwa hakizidi hekta 250 na wakazi wasiozidi 200, kinakuwa cha nchi iliyo upande wake wa sasa. Hakuna kusubiri marais wakutane kwa kila kona. Na lililo muhimu zaidi kwetu, mwenye ardhi anabaki mwenye ardhi. Anaweza kukaa au kuondoka, kuuza au kutouza, kushika uraia wake wa zamani au kuchukua mpya. Mpaka umehama, lakini mali haijahama.

Kanuni kama hiyo kwa Songwe isingevunja msimamo wa Afrika wa 1964 wa kuheshimu mipaka tuliyorithi. Mkataba wenyewe wa 1890 uliruhusu mistari yake irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Wakoloni waliacha mlango huo wazi kwa faida yao, na sisi tunaweza kuupitia kwa faida yetu. Kinachohitajika ni kupima mto mzima katika kiangazi kimoja, pande zote mbili zikiwa pamoja, na kuandika namba za mahali pa kila kona. Picha za satelaiti zipo tangu miaka ya 1970, na zinaonyesha kona ipi imekatwa na ipi imemong'onyoka taratibu. Hapo mzozo wa maneno ya wazee unapata shahidi.

Wapo wanaosema tungeepuka haya yote kama mipaka ingewekwa kwenye vigongo vinavyogawa maji badala ya mito. Madereva wanaolala foleni Kasumbalesa wako kwenye mpaka wa namna hiyo: mvua inayonyesha upande mmoja huenda Kongo, na inayonyesha upande wa pili huenda Zambezi. Kigongo hakihami. Ila pale juu ni tambarare, huwezi kuona kwa macho maji yanagawanyika wapi, na ilibidi tume ya Waingereza na Wabelgiji ikae porini kuanzia 1911 hadi 1914 ikipima na kuweka nguzo kwenye mpaka uliokubaliwa tangu 1894. Tena mstari huo ndio ulioacha ulimi wa Kongo ndani ya Zambia, hata leo barabara fupi ya kutoka Ukanda wa Shaba kwenda Luapula inakatiza Kongo. Mto angalau kila mtu anauona.

Kuna fundo moja ambalo kanuni yangu hailifungui, nalo ni mdomo wa mto. Mkataba unaushika mpaka wa ziwa na wa mto pale kwenye ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Songwe. Malawi inasema mpaka wa ziwa ni ufuko wa Tanzania, Tanzania inasema ni katikati ya maji, na usuluhishi uliokabidhiwa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano haujalimaliza shauri hilo. Mdomo ukisogea, ncha ya mstari inasogea nao, na hakuna upande utakaotaka kusaini chochote kinachogusa ziwa. Ndiyo maana nasema upimaji uanzie darajani Kasumulu kwenda juu, kisha ushuke tambarare hadi karibu na ziwa, na kilomita za mwisho ziachwe kwa wanasiasa. Mashamba mengi hayako mdomoni.

Hadi hayo yafanyike, mwenye shamba kwenye kona ajiwekee ushahidi kabla ya masika. Achukue namba za mahali kwa simu kwenye pembe zote za shamba, apige picha ya mto na tarehe ionekane, kisha apate barua ya mtendaji wa kijiji chake na, kama uhusiano ni mzuri, ya mkuu wa kijiji wa ng'ambo pia. Nawe mnunuzi unayemfuata mtumbwini na pesa mkononi, omba nakala ya barua hizo kabla hujapakia, kwa sababu gunia likishafika barabarani atakayeulizwa limelimwa wapi ni wewe.