Usiulize Makato, Uliza Zinafika Ngapi

Wanazuo wenzangu, tukikaa vimbwetani tunabishana mtandao upi una makato madogo. Mimi nadhani swali hilo limekosewa, hasa kwa sisi tuliotoka Kagera, ambako karibu kila nyumba ina mtu wake ng'ambo ya Mutukula. Ukituma hela Dodoma, makato ndiyo gharama, basi. Ukituma Kampala, makato ni kipande tu, na mara nyingi si kile kipande kikubwa.

Kwetu Kashai tunaye dada anayesoma unesi Kampala. Mama anamtumia hela ya chumba na chakula, na mimi ndiye mhasibu wa familia kwa sababu, kama mnavyotujua sisi akina nshomile, aliyesoma kidogo ndiye anapewa kalamu. Nimejifunza kuuliza kitu kimoja: nikitoa shilingi hizi Bukoba, dada atashika shilingi ngapi za Uganda mkononi?

Tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano, maana bei hubadilika kila siku, ila mwendo wake ndio huo. Tuseme mama ana 200,000 ya Tanzania, na bei ya soko siku hiyo ni shilingi 1.40 ya Uganda kwa shilingi yetu moja. Kama kusingekuwa na gharama yoyote, dada angepata 280,000 ya Uganda. Hiyo namba iandike juu ya karatasi, maana ndiyo kipimo cha njia zote.

Njia ya kwanza ni simu. Mtandao unakata 4,000, inabaki 196,000. Halafu unabadilisha kwa bei yake wenyewe, tuseme 1.35 badala ya 1.40. Dada anapata meseji ya 264,600. Bado hajashika kitu. Akienda kwa wakala kutoa, analipa ada ya kutoa, tuseme 4,500, na juu yake kodi ya serikali ya Uganda ya nusu asilimia, karibu 1,300. Kodi hiyo ilianza mwaka 2018 ikiwa asilimia moja, ikapigiwa kelele, mwaka huohuo ikashushwa na kubaki kwenye kutoa tu. Mkononi anabaki na kama 258,800.

Zimepotea 21,200 za Uganda. Sasa angalia zilipopotelea. Makato yale ya 4,000 tuliyokuwa tunayalalamikia ni sawa na 5,600 ya Uganda. Kutoa kwa wakala kumekula 5,800. Bei ya kubadilisha, ambayo haikuandikwa popote kama gharama, imekula 9,800. Yaani mwizi mkubwa ndiye ambaye hatukumuona. Tozo ya miamala ilipoingia Julai 2021 nchi nzima ilipiga kelele, kwa sababu iliandikwa kwenye meseji na kila mtu aliiona. Senti tano zinazopungua kwenye bei ya kubadilisha hazipigiwi kelele na mtu.

Njia ya pili ni basi. Mama anampa kondakta bahasha stendi, anamlipa, tuseme, 10,000. Zile 190,000 zinabadilishwa mpakani kwa wale wenye vibunda vya noti, kwa bei iliyo karibu zaidi na soko, tuseme 1.38. Dada anapokea 262,200 taslimu, bila wakala na bila kodi ya kutoa. Ni 3,400 zaidi ya simu. Kwa hiyo wazee wanaotumia basi si washamba, wamepiga hesabu kabla yetu. Ila simu hufika ndani ya dakika chache, na basi linafika kesho, likiharibika njiani ni keshokutwa. Na simu inaacha kumbukumbu yenye namba ya muamala, wakati bahasha haina shahidi. Ile 3,400 ndiyo bei ya risiti na ya haraka. Kama dada anadaiwa kodi ya chumba leo, hiyo ni bei rahisi. Kama ni hela ya mwezi ujao, mama ana haki ya kuwaza.

Njia ya tatu ni benki, na hapa wengi wanapigwa. Benki ikituma kwa SWIFT, kwa kawaida shilingi yetu inageuzwa dola kwanza, inapita benki ya kati, kisha dola inageuzwa shilingi ya Uganda. Unabadilisha mara mbili. Ada nayo haishuki sana hata kiasi kikiwa kidogo. Tuseme ni 50,000: kwa laki mbili za mama hiyo ni robo nzima, lakini kwa milioni tano ni asilimia moja tu. Basi benki si ya hela ya chakula, ni ya ada ya chuo. Na siku ya kulipa ada, soma sehemu ya fomu inayouliza nani abebe gharama. Ukichagua `SHA`, benki za njiani zinaweza kujikatia humohumo na chuo kikapokea pungufu, mwanafunzi akaambiwa anadaiwa. Ukichagua `OUR`, unalipa zaidi hapa ili kule kifike kiasi kizima. Vilevile muulize afisa wa benki kuhusu EAPS, mfumo wa benki kuu za Afrika Mashariki ulioanza kazi 2013, unaopitisha malipo kati ya benki kwa sarafu zetu wenyewe bila kuzunguka kwenye dola. Usipouliza, huenda usiambiwe.

Kuna jambo la haraka pia. Meseji ya "imekamilika" si noti. Wakala wa mtaani akiwa hana hela ya kutosha, muamala wa dakika moja unageuka wa nusu siku. Na namba ya Uganda inaanza na 256, yetu 255, huku ile sifuri ya mbele ikiondolewa. Kama jina la mpokeaji halitokei kabla ya namba ya siri, mpigie kwanza asome namba yake tarakimu moja moja. Ikienda kwa mwingine, piga huduma kwa wateja palepale, maana akishatoa, kuipata ni bahati.

Nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 gharama ya kutuma hela nje ishuke chini ya asilimia 3, na hapo wanahesabu ada pamoja na tofauti ya bei ya kubadilisha. Katika mfano wetu simu imekula karibu asilimia 7.6, basi asilimia 6.4. Zote mbili ziko juu, tena kwa safari ambayo kutoka Bukoba hadi mpakani ni kilomita kama themanini tu.

Ndiyo maana madai yangu si "punguzeni makato". Wakishusha makato kwa elfu moja na kupunguza senti mbili kwenye bei ya kubadilisha, tutashangilia huku tukilipa zaidi. Madai ni kwamba kila njia imuonyeshe mtumaji, kabla ya namba ya siri, bei ya soko ya siku hiyo, bei atakayopewa, na kiasi ambacho mpokeaji atabaki nacho baada ya kutoa. Na serikali ya wanafunzi inaweza kuanza bila kusubiri mtu. Sisi tunaotuma au kutumiwa hela kutoka nje tupo wengi. Mwanzo wa kila muhula, siku moja, watu watatu watume kiasi kilekile kwa njia tatu, waandike ubaoni zilitoka ngapi, zimeshikwa ngapi, na saa ngapi. Ni hesabu ya asilimia ya kidato cha kwanza. Tunaoenda kuifundisha tuanze kwa kuitumia.