Rafiki Tu?

Leo nakemea neno dogo: "tu".

Dada mmoja wetu amefiwa na rafiki wa miaka 21. Kazini akaomba ruhusa ya kwenda kuzika. Akaulizwa, "Ni ndugu yako?" Akajibu ni rafiki. "Rafiki tu?" Ruhusa ikaishia hapo. Matangani alikuwa nyuma akiosha sufuria, na kwenye wasifu wa marehemu hakutajwa. Sasa wengine wenu mnamwuliza mbona Jumapili haimbi! Simu ya kila jioni imenyamaza, aimbe nini?

Fungua 2 Samweli 1. Habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika Siklagi, Daudi alirarua nguo, akalia, akafunga mpaka jioni. Kisha akatunga maombolezo, akaagiza watu wa Yuda wafundishwe. Humo anamwita Yonathani ndugu yake. Naye Yesu alimwita Lazaro rafiki, akamlilia hadharani, huku akijua atamfufua.

Kamati ya ziara, mnaosema huo si msiba wake, Alhamisi twende kwake kama tunavyokwenda kwa mjane. Bebeni sukari na majani. Mkifika, mwulizeni marehemu alikuwa mtu wa namna gani, halafu nyamazeni asimulie.