Barua yenye mchoro ndani yake

Wiki hii tunarudi kwenye barua za wazee ambazo tunazipiga picha kwa simu na kisha kuziandika upya, ili watoto walio mbali wazisome bila shida.

Mama mmoja wa kikundi chetu alituletea barua ya marehemu baba yake. Tulipoiandika mara ya kwanza, ilisomeka hivi: «Shamba nimeligawa hivi: mto mkubwa avoka njia mdogo. Musigombane.» Tukaona mzee anataja mto mkubwa na njia ndogo, kwamba alikosea herufi tu. Tulikuwa karibu kumsahihisha!

Kumbe katikati ya ukurasa kulikuwa na mchoro wa shamba, na maneno yale aliyaandika ndani ya mchoro. «Mkubwa» na «mdogo» ni mabinti zake wawili. Kwa kuyapanga kama sentensi, tulifuta mafungu yao.

Tukaandika tena:

«Shamba nimeligawa hivi: [Mchoro wa shamba. Juu: «mto». Chini: «njia». Katikati mti, pembeni yake: «avoka». Kati ya mto na mti: «mkubwa». Kati ya mti na njia: «mdogo».] Musigombane.»

Mabano haya yenye pembe, [ ], yako kwenye ukurasa wa alama wa simu. Tunayachagua kwa sababu wazee wetu hutumia yale ya mviringo wenyewe, na msomaji asidhani maneno yetu ni ya mzee. Maneno yaliyo ndani ya mchoro tunayaweka kwenye alama za kunukuu, jinsi alivyoyaandika.

Hapa mchoro ulifuata «hivi:», basi ulibaki palepale. Lakini mara nyingi mwandishi huchora pale alipopata nafasi, na sentensi inapita kushoto na kulia ya mchoro. Hapo tunaimaliza sentensi kwanza, halafu tunaweka alama baada ya nukta. Mchoro ukichukua nafasi ya neno, hauhamishwi: «Nakutumia [mchoro wa kuku] wawili.» Ua dogo chini ya jina linatosha kuandikwa [ua].

Tuandike tu kinachoonekana. Kama mzee asingeandika «avoka», tungeandika «mti», hata kama sisi wote tunaujua mti ule. Pia hatukuandika kwamba mpaka unapita kwenye avoka, kwa kuwa hakuchora mstari wowote pale. Hilo ni la familia kuzungumza, wakiwa na picha mkononi. Kwa hiyo picha hatuifuti kwenye simu baada ya kuandika. Tunaituma pamoja na maandishi, na juu ya maandishi tunataja ukurasa wenye mchoro.

Mwenye barua ya namna hii ailete siku ya mkutano. Apige picha mchana, karibu na dirisha, na pembe zote nne za karatasi zionekane, kwani maneno ya mchoro mara nyingi yako ukingoni kabisa.